Kupima makosa ya kitambuzi cha usemi kwa lafudhi za Nyanda za Juu Kusini, na kuyapunguza kwa kusafisha data

Mkulima wa viazi kule Isongole, njia ya kwenda Tukuyu, anaeleza jinsi msimu ulivyokwenda. Mnukuzi anaandika:

```
mwaka huu tumeuza viazi gunia ishirini kwa bei ya rejareja pale soweto
```

Kitambuzi cha usemi kinasikiliza sauti hiyo hiyo na kutoa hivi:

```
mwaka huu tumeusa fiazi gunia 20 kwa bei ya leja leja pale soweto
```

Sentensi hii ni ya kubuni, lakini anayefanya kazi ya sauti mikoa ya Mbeya, Njombe na Iringa ataitambua mara moja. Tuihesabu. Kiwango cha makosa ya maneno, kinachosomeka kwenye skrini kama WER, hupatikana kwa kulinganisha matini ya mashine na nakala ya rejea, yaani ile iliyoandikwa na mtu. Tunajumlisha maneno yaliyobadilishwa (S), yaliyoachwa (D) na yaliyoongezwa (I), kisha tunagawa kwa idadi ya maneno ya rejea (N):

```
WER = (S + D + I) / N
```

Rejea ina maneno 12. Mashine imebadilisha "tumeuza", "viazi", "ishirini" na "rejareja", hayo ni manne, na imeongeza neno moja kwa sababu "leja leja" ni maneno mawili badala ya moja. Makosa 5 kwa 12 ni asilimia 41.7. Ukilisikia hilo bila kuona sentensi utadhani mashine haijaelewa chochote, kumbe mtu yeyote wa Mbeya angeisoma na kuelewa biashara yote.

Hapa kuna makosa ya aina mbili tofauti kabisa. "20" si kosa la kusikia, ni tofauti ya uandishi. Ukikubali kuwa namba ziandikwe kwa maneno, WER inashuka hadi 4 kwa 12, yaani asilimia 33.3, bila mashine kujifunza lolote. Yaliyobaki yanatokana na lafudhi. Kinyakyusa hakina sauti za r, z wala v, kwa hiyo baadhi ya waliokulia ndani yake husema l, s na f mahali pake wanapozungumza Kiswahili. Si wote, na si kila mara. Mtu yuleyule anaweza kusema "viazi" na "fiazi" ndani ya dakika moja. Kote nchini pia utasikia "zahabu" kwa dhahabu na "selasini" kwa thelathini.

Ndiyo maana pembeni ya WER uweke daima kiwango cha makosa ya herufi, CER. Kwenye sentensi yetu, baada ya kurekebisha namba, herufi zilizokosewa ni 5 tu (s, f, l mbili na nafasi moja) kati ya 70 ukihesabu na nafasi. Hiyo ni asilimia 7.1. Kiswahili kinabebesha neno moja mzigo mkubwa: "hatukuwauzia" ni neno moja lenye kikanushi, wakati uliopita, mtendwa na mnyambuliko ndani yake, na herufi moja ikikosewa neno zima linahesabiwa kosa. WER ya 33 na CER ya 7 inaeleza habari ya lafudhi. WER ya 33 na CER ya 25 inaeleza kitu kingine, mara nyingi sauti mbovu au nakala isiyolingana na rekodi. Tofauti hii tutaihitaji tena tukifika kwenye usafi.

Seti ya majaribio

Kwa kuanzia, wasemaji 20 wa dakika tatu tatu wanatosha. Hiyo ni saa moja ya sauti, maneno elfu sita hivi. Wasemaji wengi wenye dakika chache ni bora kuliko watatu wenye dakika ishirini kila mmoja, kwa sababu unachopima ni lafudhi, na lafudhi hutofautiana kati ya mtu na mtu. Gawanya kwa lugha ya nyumbani na mahali: tuseme watano wa Rungwe na Kyela, watano wa Mbeya mjini na Uyole, watano wa Makambako na Njombe, watano wa Mafinga na Kilolo. Kwa kila mmoja andika namba yake (si jina), lugha ya kwanza, rika, na chombo kilichorekodi. Pata ridhaa yake kabla ya kuwasha kinasa sauti. Sauti ya mtu inaweza kumtambulisha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo.

Msemaji aliyeko kwenye seti ya majaribio asionekane kamwe kwenye data ya kufundishia, hata kwa sekunde kumi. Watu hukosea hapa kwa kugawa faili badala ya kugawa watu: vipande vya mazungumzo ya bibi mmoja vinaenda pande zote mbili, modeli inazoea sauti yake, na WER inashuka vizuri sana ofisini halafu inapanda tena ikifika kijijini.

Chombo cha kurekodia kinaweza kujificha nyuma ya lafudhi. Simu ya kawaida ya kupiga hupitisha sauti kwa sampuli 8,000 kwa sekunde, maana yake kila kilicho juu ya hezi 4,000 kimekatwa, na huko juu ndiko sehemu kubwa ya tofauti kati ya s, f na sh ilipo. Ukiibadilisha faili hiyo kuwa sampuli 16,000 hairudishi kilichokatwa. Kwa hiyo ukiona wasemaji wa Rungwe wana makosa mengi ya s na f kuliko wa Iringa, angalia kwanza kama wa Rungwe hawakurekodiwa kwa simu na wa Iringa kwa maiki. Rekodi kwa programu ya simu janja, mdomo ukiwa umbali wa shubiri moja hadi mbili, na kati ya Novemba na Aprili usirekodi chini ya bati wakati mawingu yameshakusanyika. Mvua kwenye bati haisafishiki.

Faili zote zigeuzwe kuwa za aina moja kabla ya jambo lolote:

```
ffmpeg -i ghafi.m4a -ar 16000 -ac 1 safi.wav
```

Kanuni ya kunukuu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi huharakisha. Msemaji ametamka "sawadi". Mnukuzi aandike nini? Mmoja ataandika "zawadi" kwa sababu ndilo neno, mwingine "sawadi" kwa sababu ndicho alichosikia, na wote wawili wana hoja. Ukiwa na wote wawili kwenye mradi mmoja, mashine itapata kosa iandike vyovyote vile.

Kwa kitambuzi cha matumizi ya kawaida, kanuni yenye faida ni hii: andika neno kwa tahajia sanifu, lakini usibadilishe neno lenyewe wala sarufi. Akitamka "fiazi" andika "viazi". Akisema "gunia kumi zimeuzwa" usimsahihishie kuwa "magunia kumi yameuzwa", kwa maana hapo utakuwa umeandika ambacho hakusema, na mashine iliyosikia vizuri itaadhibiwa. Kama lengo lako ni utafiti wa matamshi, kanuni inageuka, na unahitaji safu ya pili ya maandishi. Usichanganye safu hizo mbili kwenye faili moja.

Kuna maneno yanayohitaji uamuzi wa pamoja, nao uandikwe kwenye orodha moja inayoonekana na wanukuzi wote. "Kwa sababu" na "kwa hiyo" ni maneno mawili. Nusu ya wanukuzi watayaunganisha usipowaambia. "Rejareja" ni neno moja. "Lumbesa", gunia lililojazwa likapachikwa kilemba juu, ni neno la kila siku kwa muuza viazi, na lisiachwe liandikwe kwa namna tatu. Salamu kama "kamwene" na "ugonile" zitajitokeza mwanzoni mwa karibu kila mazungumzo: amua kama zinabaki kama maneno ya mkopo. Lakini msemaji akihamia kabisa kwenye Kihehe au Kinyakyusa kwa sentensi nzima, weka alama na uitoe sehemu hiyo kwenye hesabu, kwani unapima Kiswahili.

Namba zina mtego wao. Usichukue "25,000" ya mashine na kuigeuza kuwa maneno kwa programu bila kusikiliza. Mtu akisema "elfu ishirini na tano" anaweza kumaanisha 25,000 au 20,005, na mwingine atasema "ishirini na tano elfu" ili kuondoa utata. Rejea iandikwe kwa maneno kama yalivyotamkwa, kisha sentensi ambazo mashine imetoa tarakimu zipitiwe kwa mkono. Kwenye saa moja ya sauti ni kazi ya asubuhi moja.

Halafu jambo ambalo halipaswi kurukwa: chukua sehemu moja ya kumi ya rekodi, wape wanukuzi wawili wasioonana, kisha pima WER ya mmoja dhidi ya mwingine. Wakitofautiana kwa asilimia 9, huwezi kudai kwa haki kwamba mashine yako imefika asilimia 5, na kazi yako ya kwanza si modeli bali kanuni ya kunukuu. Kaa nao, pitieni kila tofauti, rekebisheni orodha, mrudie. Ikishuka chini ya asilimia 4 hivi, endelea.

Kupima

Kabla ya kulinganisha, pande zote mbili zipitishwe kwenye kichujio kimoja: herufi ndogo, bila nukta wala mkato. Kuwa mwangalifu na ng'. Kisafishaji cha matini kinachokuja na Whisper, kitambuzi cha usemi cha OpenAI, kwa lugha zisizo Kiingereza, `BasicTextNormalizer`, hubadilisha kila alama kuwa nafasi, hivyo "ng'ombe" anakuwa "ng ombe", maneno mawili. Idadi ya maneno ya rejea inavimba, na kosa moja kwenye neno hilo linaweza kuhesabiwa nusu au mara mbili. Andika chako, ukiwa na orodha mbili za sentensi zenye mpangilio mmoja, `rejea` na `mashine`:

```python
import re, jiwer

def safisha(s):
    s = s.lower().replace("’", "'").replace("‘", "'")
    s = re.sub(r"[^a-z0-9'\s]", " ", s)
    s = re.sub(r"(?<!ng)'", " ", s)
    return re.sub(r"\s+", " ", s).strip()

r = [safisha(x) for x in rejea]
m = [safisha(x) for x in mashine]
o = jiwer.process_words(r, m)
print(o.wer, o.substitutions, o.deletions, o.insertions)
print(jiwer.cer(r, m))
```

Amri mbili za `replace` zinahitajika kwa kuwa kibodi za simu hutoa ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka, na kwa kompyuta hizo ni herufi tofauti. Ukipitisha orodha nzima kwa mkupuo kama hapo juu, makosa yote yanajumlishwa na kugawanywa kwa maneno yote. Usitafute wastani wa WER za sentensi moja moja: "ndiyo" iliyokosewa ingekuwa na uzito sawa na sentensi ya maneno thelathini.

Kisha tazama namna makosa yalivyogawanyika. Nyongeza zikiwa nyingi, hasa kwenye vipande vyenye ukimya mrefu, modeli inabuni maneno. Whisper inajulikana kwa tabia hiyo, na dawa ni kukata ukimya kabla ya kuipa sauti. Yaliyoachwa yakiwa mengi, sauti ni ndogo au nakala ni ndefu kuliko kipande. Yaliyobadilishwa yakitawala, uko kwenye eneo la lafudhi na tahajia, na hapo toa jozi zenyewe:

```python
from collections import Counter
c = Counter()
for a, b, vipande in zip(o.references, o.hypotheses, o.alignments):
    for v in vipande:
        if v.type == "substitute":
            c.update(zip(a[v.ref_start_idx:v.ref_end_idx],
                         b[v.hyp_start_idx:v.hyp_end_idx]))
print(c.most_common(60))
```

Keti na orodha hiyo na vipokea sauti masikioni. Sikiliza makosa 200 na uyaweke kwenye mafungu: mashine imekosea kwa lafudhi, mashine imekosea kwa kelele, rejea ndiyo iliyokosea, au ni tofauti ya uandishi tu. Mara ya kwanza, mafungu mawili ya mwisho huwa makubwa kuliko yeyote alivyotarajia. Rudia hesabu kwa kila kundi la wasemaji peke yake, lakini kundi la watu watano ni dogo. Msemaji mmoja mwenye kikohozi anaweza kulivuta zima. Ili kujua kama tofauti ni ya kweli, chagua wasemaji kwa bahati nasibu, mtu mmoja akiruhusiwa kuchaguliwa zaidi ya mara moja, na ufanye hivyo mara 1,000, kila mara ukihesabu WER upya, kisha angalia upana wa majibu.

Kusafisha data ya kufundishia

Njia inayopendwa ni hii: pitisha modeli kwenye data yote ya kufundishia, pima WER ya kila kipande, futa vyote vilivyo juu ya asilimia 50. Inaonekana ni usafi. Kwa data ya lafudhi ni kujipiga mwenyewe, kwa sababu vipande vyenye WER kubwa ndivyo vya watu ambao modeli haijawazoea. Utabaki na sauti zinazofanana na zile ilizokwisha kuzijua, na umemfuta mama wa Kyela uliyesafiri kwenda kumrekodi.

Tumia WER na CER pamoja. Kipande chenye WER kubwa na CER ndogo, kama mfano wa Isongole, kibaki. Hicho ndicho dhahabu. Vyote viwili vikiwa vikubwa, kisikilize, maana huenda nakala si ya sauti hiyo. Kipimo cha pili ni herufi kwa sekunde: mazungumzo ya kawaida mara nyingi huangukia kati ya 10 na 16. Kipande chenye 4 kina ukimya au nakala iliyokatika, na chenye 25 kimebeba maneno ambayo hayamo kwenye sauti. Hivi ni vya kusikilizwa na kurekebishwa, na kufutwa kama havirekebishiki. Ukimaliza, hesabu asilimia ngapi imeondolewa kwa kila lugha ya nyumbani. Kama wa Kinyakyusa wamepoteza asilimia 20 na wa mjini 3, rudi nyuma.

Angalia pia ncha za vipande. Irabu ya mwisho ya Kiswahili mara nyingi hutamkwa kwa pumzi tu, na programu ya kukata ukimya huihesabu kuwa kimya: "tumeuza" inabaki "tumeuz". Acha robo ya sekunde kila upande, na vipande viwe kati ya sekunde 3 na 20. Whisper hufanya kazi kwa dirisha la sekunde 30; kinachozidi hapo hukatwa ilhali nakala yake inabaki nzima, na modeli inafundishwa kuandika ambacho haikusikia.

Baada ya sauti, tahajia. Toa orodha ya maneno yote ya nakala pamoja na idadi yake, kisha tafuta jozi zinazotofautiana kwa l na r, z na s, v na f, dh na z, th na s. "Zawadi" mara 40 na "sawadi" mara 6: hizo sita ni za kurekebisha. Lakini usiandike amri ya kubadilisha zote kwa mkupuo. "Kula" na "kura" yote ni maneno, "mahali" na "mahari" vilevile, na kati ya "anafua nguo" na "anavua nguo" kuna aibu ya kutosha. Jozi ambazo pande zote mbili zina maana zisikilizwe moja moja ndani ya sentensi.

Kufundisha na kupima upya

Kwa modeli kama Whisper small, anza na saa chache zilizosafishwa, kasi ya kujifunza ya `1e-5`, na seti ndogo ya tatu ya wasemaji wengine kwa ajili ya kuamua pa kusimamisha mafunzo. Kama unataka kujua usafi umesaidia kiasi gani, fundisha mara mbili kwa mipangilio ileile: mara moja kwa data chafu, mara moja kwa safi. Ukibadilisha data na mipangilio kwa pamoja hutajua kipi kilifanya kazi.

Katika kusikiliza makosa 200 ulirekebisha pia rejea za majaribio, na ni sawa. Ila modeli ya zamani lazima ipimwe upya kwa rejea hizo mpya. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, modeli ya zamani ilipata 38 kwa rejea za zamani, ikapata 29 kwa zilizorekebishwa, na modeli mpya ikapata 22. Atakayeandika kuwa mafunzo yameshusha makosa kutoka 38 hadi 22 amejipa pointi 9 za wanukuzi. Mafunzo yameshusha 7.

Mwisho pima modeli mpya kwa Kiswahili kisicho cha nyanda za juu. Sehemu ya majaribio ya Common Voice ya Mozilla kwa Kiswahili inafaa. Hapo tazama jozi zilezile za l na r, lakini kwa upande wa pili. Ikiwa modeli sasa inaandika "kura" kila msemaji wa pwani anaposema "kula", imejifunza kutoamini masikio yake. Changanya data ya kufundishia kwa sauti za sehemu nyingine, theluthi moja kwa kuanzia, ufundishe tena, na upime seti zote mbili.